Betri Iliyofura Haina Dawa

Neno "kufura" tumelizoea tangu utotoni. Mguu ulioteguka hufura, shavu lenye jino bovu hufura, na mtu aliyekasirika nasi husema amefura. Siku hizi neno hili limepata kazi nyingine. Nenda kwa fundi yeyote wa simu mjini, uketi pale kwa nusu saa tu, nawe utasikia mtu akisema, "Fundi, betri yangu imefura." Atalisema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anasema soli ya kiatu imebanduka. Mara nyingi ataongeza swali: "Sasa nitaitumia kwa muda gani kabla sijanunua nyingine?"

Jibu la swali hilo ni fupi. Hataitumia hata dakika moja. Nia yangu katika makala haya ni kueleza kwa nini jibu ni hilo, jinsi ya kuijua betri iliyofura, na namna ya kuitoa na kuiweka bila kuunguza mtu wala nyumba. Nitaizungumzia hasa mashine ya gemu ya mkononi iitwayo PSP, maana ndiyo iliyojaa mikononi mwa wanafunzi wenzangu, wengi wao wakiwa wameirithi kutoka kwa kaka na dada zao. Kampuni ya Sony ilianza kuiuza huko Japani mwezi wa Desemba mwaka 2004, na ikaacha kuiuza mwaka 2014. Piga hesabu mwenyewe. Hata PSP ya mwisho kabisa, pamoja na betri iliyokuja nayo, imekwisha kupita miaka kumi. Betri zinazofura katika mashine hizi si jambo la ajabu. Ni uzee.

Kinachofura ni nini?

Ndani ya betri ya lithiamu hamna maji wala asidi kama ile ya betri ya gari. Kuna karatasi mbili nyembamba za madini, moja ya shaba na nyingine ya alumini. Ile ya shaba imepakwa grafaiti, jamaa wa ule mkaa ulio ndani ya penseli. Ile ya alumini imepakwa unga wenye lithiamu na madini mengine kama kobalti. Karatasi hizi zimekunjwa pamoja kama chapati, na katikati yake umetandazwa utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko unywele wa kichwa chako, ili zisigusane. Kisha vyote vimeloweshwa kwa kioevu maalumu ambacho hupitisha chembe za lithiamu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Halafu vimefungiwa ndani ya mfuko au kopo jembamba la alumini lisilopitisha hewa.

Kumbuka mambo mawili. La kwanza, kile kioevu huwaka moto upesi, kama thina ya kupakia rangi. La pili, ni utando ule mwembamba peke yake unaozuia pande mbili za betri zisikutane.

Kadiri miaka inavyopita, kioevu hiki huanza kuoza polepole na kugeuka gesi. Joto huharakisha jambo hili. Kuchaji kupita kiasi kwa chaja mbovu huliharakisha pia. Na kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalijui, nalo ni kuiacha betri ikae tupu kwa miezi mingi. Betri ya lithiamu ikishuka chini mno, ile shaba yenyewe huanza kuyeyuka ndani ya kioevu, na siku ukiichaji tena shaba hiyo hujikusanya mahali pasipo pake. Ndiyo maana PSP iliyosahauliwa kabatini miaka mitatu, bila kuguswa na mtu, hutolewa ikiwa imefura. Mwenyewe hushangaa na kusema, "Lakini hata sikuitumia!" Naam, huko kutoitumia ndiko kulikoifurisha.

Gesi ile haina pa kutokea, basi husukuma kuta za mfuko wake. Ule uvimbe unaouona ni gesi hiyo iliyofungiwa, na ni dalili kwamba ndani mambo yamekwisha kuharibika. Karatasi zilizokuwa zimelala sawasawa sasa zimepinda na kuachana. Utando umevutwa. Ukiichaji, unaiongezea joto na gesi. Ukiibonyeza au kuitoboa, pande mbili zinaweza kugusana, na hapo tunapata shoti ndani ya betri yenyewe, mahali ambapo hakuna swichi ya kuizima.

Je, moto wake ni mkubwa kiasi gani? Tuliosoma fizikia tunaweza kukadiria. Betri ya PSP nyembamba imeandikwa 3.6V na 1200mAh. Zidisha, nawe utapata kama jouli 15,500 ikiwa imejaa. Nguvu hizo zinatosha kuchemsha gramu 50 hivi za maji, kama robo ya kikombe cha chai. Utasema ni kidogo. Lakini fikiria zote zikitoka kwa mkupuo, ndani ya kitu kidogo kuliko kiberiti viwili, kilichojaa kioevu kinachowaka. Na hapo sijahesabu joto la kioevu chenyewe kikishika moto.

Kuitambua

Likizo ya Aprili huwa ninamsaidia mjomba wangu katika kibanda chake cha kutengeneza simu na redio. Siku moja alikuja mama mmoja na mwanawe wa darasa la saba, wakiwa na PSP iliyofungwa kwa mpira, ile mipira myembamba ya kufungia noti. Mama alilalamika kwamba kifuniko cha nyuma kimeharibika, hakishiki, ndiyo kijana akaamua kukikaza kwa mpira. Alitaka kifuniko kingine.

Mjomba aliipokea, akaitazama kwa ubavu, akaniambia, "Hebu niambie. Ni kifuniko au ni betri?"

Swali hili ndilo la kwanza kwa kila mtu mwenye PSP ambayo kifuniko chake hakifungi, kwa sababu kuna mambo matatu yanayofanana kwa nje. Huenda kijino cha plastiki kinachoshika kifuniko kimevunjika. Huenda betri imefura. Na huenda betri ni nzima kabisa ila si ya mashine hiyo. Hili la tatu huwapoteza wengi. PSP ya kwanza ilikuwa nene, na betri yake pia ni nene, imeandikwa PSP-110 na 1800mAh. Zilizofuata, zile nyembamba, betri yake imeandikwa PSP-S110 na 1200mAh. Betri nene huingia katika mashine nyembamba na kuiwasha vizuri, lakini kifuniko cha kawaida hakitafunga. Mtu akiona hivyo atasema imefura, kumbe imekosea nyumba tu.

Namna ya kuyatenganisha ni rahisi. Mjomba alihakikisha kwanza kwamba mashine imezimwa kabisa. Katika PSP, kuisukuma swichi mara moja na kuiachilia huifanya ilale tu, na betri huendelea kutumika. Ni lazima uisukume na kuishikilia kwa sekunde kadhaa hadi taa ya kijani izime. Kisha akautoa mpira, akakiondoa kifuniko, na akaitoa betri polepole kwa ukucha. Hakutumia bisibisi. Halafu akakirudisha kifuniko mahali pake bila betri. Kilishika barabara. Basi kifuniko hakikuwa na kosa.

Akasoma maandishi ya betri: 1200mAh. Mashine nayo ilikuwa nyembamba. Basi betri haikukosea nyumba.

Mwisho akailaza betri juu ya kioo cha meza, bila kuibonyeza. Betri nzima hulala kama kitabu. Hii ilikuwa imekaa juu ya tumbo lake, pembe zake haziligusi kioo. Alipoigusa pembeni kwa ncha ya kidole ilicheza kama mtumbwi. Akasimamisha ukingo wa rula juu yake, na pande zote mbili ukaonekana mwanga kati ya rula na betri. Gamba lake la plastiki lilikuwa limeanza kuachana kwenye ule mstari wa ubavuni.

"Ni betri, Mjomba," nikamwambia.

"Ni betri," akaitikia. "Na huu mpira ulikuwa unaikandamiza mchana na usiku."

Jambo moja zaidi kuhusu kuitambua. Betri inayokwisha haraka, au inayoshuka ghafla kutoka nusu hadi sifuri, imezeeka, lakini si lazima iwe imefura. Nayo inayopata uvuguvugu kidogo wakati wa kuchaji haina ubaya. Usiogope bure. Dalili ya kufura ni umbo. Lakini ukisikia harufu tamu na kali, kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, jua kwamba mfuko umekwisha kupasuka na kioevu kinatoka. Hapo usiinuse tena ili uhakikishe. Fungua madirisha na uondoke karibu nayo.

Ilivyotolewa na kuwekwa

Yule kijana alikuwa na wazo. Alisema rafiki yake aliitoboa ya kwake kwa pini, gesi ikatoka fyuu, nayo ikarudi bapa na kuendelea kufanya kazi. Mjomba hakumfokea. Alimwambia, "Kijana wangu, rafiki yako alibahatika. Ile pini ingepita kwenye karatasi mbili kwa pamoja, asingepata nafasi ya kukusimulia." Akamweleza pia kwamba gesi ile si hewa ya kawaida. Ndani yake mna zinazowaka na zenye sumu, na chumvi iliyo ndani ya kioevu ikikutana na unyevu wa hewa hutoa asidi inayochoma macho na mapafu. Zaidi ya hayo, tundu likishafunguka, unyevu huingia na uharibifu huendelea. Betri inaweza kurudi bapa lakini haiponi.

Kisha akafanya hivi, nami nikamsaidia.

Alikata vipande vya tepu ya stima akafunika zile sehemu za madini ambazo umeme hupitia, ili zisiguse kitu chochote cha chuma. Hakuizungushia tepu betri nzima, maana kuibana ni kosa lilelile la mpira. Mimi nilileta mkebe wa bati uliokuwa wa maziwa ya unga, nikaweka mchanga mkavu hadi nusu. Tukailaza betri juu ya mchanga, tukamimina mchanga mwingine juu yake kwa wepesi. Mkebe haukufungwa kwa mfuniko. Betri ikiendelea kutoa gesi ndani ya kitu kilichofungwa kabisa, unatengeneza kitu kibaya kuliko betri yenyewe. Tuliegemeza kigae juu yake tu, kikiacha upenyo.

Mkebe tuliuweka nje, juu ya saruji, chini ya paa pasipofika jua wala mvua, mbali na mtungi wa gesi wa jirani anayeuza chipsi. Usiuweke jikoni, wala juani, wala ndani ya gari. Friji pia haifai. Wapo wanaosema baridi huipoza betri ikapungua, lakini unyevu wa friji hauisaidii, nayo iko pamoja na chakula chenu.

Kama betri imekwama na haitoki kwa ukucha, usiilazimishe. Iache ndani ya mashine, ondoa kifuniko ipate nafasi, kisha peleka mashine nzima kwa fundi. Nguvu ndiyo adui hapa.

Na baada ya hapo? Betri ya namna hii haitupwi katika pipa la taka. Lori la taka hukandamiza, na kwenye jaa kuna watu wanaookota na kupasua vitu, tena mara nyingi taka huchomwa. Jijini Nairobi kuna kituo kiitwacho WEEE Centre kinachopokea taka za umeme. Mahali pengine, muulize fundi wako anazipeleka wapi. Wapigie simu kwanza uwaambie kwamba betri imefura, ili wakueleze namna ya kuifikisha. Usiitume kama kifurushi. Katika ndege, betri ya lithiamu iliyoharibika imekatazwa kabisa, na sioni kwa nini abiria wa basi walale juu ya kitu ambacho ndege imekikataa.

Mama yule aliuliza swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa moyoni. "Basi mashine imekufa? Na hizo gemu zake alizofikia huko mbele?"

Mashine haikufa. Mjomba aliichomeka chaja yake ya volti 5 bila betri yoyote ndani, nayo ikawaka. PSP inaweza kutumia umeme wa ukutani peke yake. Gemu alizohifadhi ziko katika kadi ya kumbukumbu, wala haziko katika betri. Kilichopotea ni saa na tarehe tu, na mashine ilimwomba aziweke upya. Kijana alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Naliona jambo hili kuwa muhimu kuliko yote, maana wengi huendelea kutumia betri iliyofura kwa hofu ya kupoteza gemu au mashine. Hupotezi kitu. Unaitoa, unaendelea kucheza karibu na soketi, na unatafuta betri nyingine bila haraka.

Kuhusu hiyo nyingine, tazama mambo mawili. Betri inayouzwa kama ya asili, mpya, haijafunguliwa, imekaa rafuni miaka mingi, na betri huzeeka hata ikiwa rafuni. Ilaze mezani na uipime kwa rula kabla ya kulipa. Tena, betri yenye ukubwa uleule wa ile ya 1200mAh lakini imeandikwa 3600mAh inasema uongo. Mwenye kudanganya kwa maandishi atakuwa ameficha mengine ndani. Ukiipata iliyo nzima, na ukaona hutacheza kwa muda, ichaji hadi nusu, itoe ndani ya mashine, na uikumbuke kila baada ya miezi michache.

Mashine zisizofunguka, na pedi

PSP ina bahati kwamba betri yake hutoka kwa mkono. Mashine nyingine hazina bahati hiyo. Nintendo Switch betri yake imegandishwa kwa gundi ndani. Pedi ya PlayStation 4 imefungwa kwa skrubu nne, na baada ya skrubu kuna meno ya plastiki yanayotaka kubanduliwa kwa nguvu.

Hizi utazitambua kwa mashono. Zungusha pedi mkononi, utazame ule mstari ambapo nusu ya juu hukutana na ya chini. Ikiwa umefunguka upande mmoja ilhali skrubu zote zimo, au kitufe kilichokuwa kikibonyea vizuri sasa kinasukumwa kutoka ndani, kitu kinakua humo. Katika mashine yenye skrini, tazama kama skrini imeinuka pembeni au mgongo umebinuka. Ilaze juu ya meza uone kama inacheza.

Ukiona hivyo, izime, chomoa waya, uiweke juu ya saruji au vigae mahali penye hewa, na usiifungue wewe mwenyewe. Kuchokoa gundi kwa kisu chini ya betri iliyofura ndiyo njia fupi ya kuitoboa. Hata mjomba hizi huzifanyia nje ya kibanda, akiwa na kadi ya plastiki badala ya chuma, na ndoo ya maji karibu. Pedi zinazotumia betri za kawaida za redio hazimo katika habari hii, maana hizo ni za aina nyingine.

Ikianza kutoa moshi

Hapa kuna ubishi ambao nimeusikia hata katika bweni letu. Mwenzangu mmoja anayependa kemia alisema, "Maji hapana! Lithiamu ni ndugu wa sodiamu, ukiimwagia maji italipuka." Alikuwa anakumbuka vizuri somo la maabara, lakini alikosea kitu. Kile tulichokiona maabara kilikuwa chuma tupu. Katika betri hizi zinazochajiwa, lithiamu imo kama chembe zilizoshikana na vitu vingine, na chuma tupu ni kidogo mno kama kipo. Hatari ni joto, na dawa ya joto ni maji mengi.

Basi betri ikianza kuvuma, kutoa moshi au kuwaka, usiishike. Moshi wake ni sumu, kwa hiyo kaa mbali na upande unakoelekea. Kama mashine iko kwenye chaja, zima soketi ukutani iwapo unaweza kuifikia kwa usalama. Kama ni ndogo na unaweza kusimama mbali, mwagia maji mengi, uendelee hata moto ukizimika, maana betri ikibaki na joto huwaka tena. Mchanga husaidia kuzuia cheche, ila haupozi. Na moto ukishakamata godoro au pazia, hiyo si kazi yako tena. Toa watu, funga mlango, piga 999 au 112.

Mtu akiungua, mpoze kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali.

Neno kwa wenzangu wa bweni

Nimeacha jambo gumu hadi mwisho. Katika shule yetu, kama zilivyo nyingi za bweni, mashine za gemu haziruhusiwi. Wote tunajua pia kwamba zimo. Ziko wapi? Ziko chini ya godoro, katikati ya nguo kwenye sanduku, ndani ya soksi. Zinachajiwa usiku kwa waya uliofichwa, zikiwa zimefunikwa blanketi ili taa isionekane.

Sasa rudia yale tuliyosema. Betri iliyofura haitaki joto, nasi tumeifunika blanketi. Haitaki kukandamizwa, nasi tumeilalia. Haitaki kuchajiwa, nasi tunaichaji wakati watu arobaini wamelala na mlango umefungwa. Ukiwa na mashine nzima uliyoificha, umevunja sheria ya shule. Ukiwa na iliyofura uliyoificha, umewawekea wenzako kitu kitandani bila wao kujua, na sisi wa bweni hatuhitaji kuelezwa moto wa bweni ni kitu gani.

Najua kinachomzuia mtu kusema. Ni adhabu. Nilimpelekea mwalimu wetu mlezi wa chama suala hili kabla ya kuandika, nikamwuliza atafanya nini mwanafunzi akimletea mashine yenye betri iliyofura. Alifikiri kidogo, akanijibu, "Nitaipokea kwanza, niiweke nje kwenye mchanga. Mengine tutazungumza kesho yake. Lakini usimwambie mtu kwamba hakutakuwa na mazungumzo." Naandika maneno yake kama alivyoyasema ili asije mtu akadai nilimwahidi msamaha. Adhabu ya kufagia uwanja wiki mbili ina mwisho wake.

Kwa hiyo leo jioni kabla ya taa kuzimwa, aliye na mashine aitoe, azime swichi hadi taa ya kijani iondoke, aondoe kifuniko, ailaze betri juu ya sakafu ya saruji na kuigusa pembeni. Ikilala kimya, airudishe. Ikicheza kama mtumbwi, asiirudishe. Mchanga mkavu upo nyuma ya maabara, katika zile ndoo nyekundu, na ofisi ya mwalimu wa zamu hufungwa saa nne usiku.